Barua ya Kumwalika Mtoa Mada: Mambo ya Kukamilisha Kabla Haijatiwa Saini

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kumwalika mtoa mada kutoka nje ya shule au nje ya jumuiya yenu, huenda utapewa barua ya mwaka uliopita na kuambiwa ubadilishe jina na tarehe. Nami nilianza hivyo hivyo. Barua niliyoirithi ilikuwa na aya mbili za salamu na heshima, aya moja iliyotaja mada kwa maneno matano, na sentensi ya mwisho iliyosema kwamba "gharama zote zitakuwa juu yetu". Nilibadilisha jina na tarehe, mkuu akatia saini, barua ikaenda. Mgeni alikuja, akazungumza vizuri, kisha akanikabidhi risiti za hoteli za siku mbili, za mafuta ya gari na za chakula cha dereva wake, ilhali mhasibu alikuwa ametenga nauli ya basi ya mtu mmoja kwenda na kurudi. Mgeni hakukosea, kwa sababu alilisoma neno "zote" kwa maana yake. Mhasibu naye hakukosea, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha barua. Deni lile lilichukua miezi miwili kulipwa, na mwaliko wetu uliofuata kwa mgeni yuleyule haukujibiwa.

Tangu wakati huo ninaipima kila barua ya mwaliko kwa swali moja: je, mwalikwa akiisoma peke yake, bila kunipigia simu, anaweza kuamua kuja au kutokuja? Kipimo hicho kinamhusu pia mwajiri wake, kwa kuwa mara nyingi barua hiyohiyo ndiyo anayoiambatisha anapoomba ruhusa ya kuondoka kazini, na msimamizi wake hataki kusoma salamu. Anataka kujua mtumishi wake anakwenda wapi, kwa saa ngapi, kufanya nini na kwa gharama ya nani.

Nitaeleza kwa kutumia mwaliko mmoja ambao ulitengenezwa upya mara tatu kabla haujatumwa. Shule ilikuwa na siku ya sayansi, na kamati ilitaka mtaalamu wa maabara ya hospitali azungumze na wanafunzi 140 wa kidato cha tatu. Mtaalamu huyo alikuwa akiishi umbali wa kilomita 180, safari ya takriban saa nne kwa basi.

Mada iliyotoka kwenye kikao ilikuwa "Umuhimu wa sayansi katika maisha". Mada ya namna hii haimpi mgeni pa kuanzia wala pa kuishia, hivyo ataandaa hotuba ya jumla ambayo angeweza kuitoa mahali popote, na wanafunzi watakuwa wameisikia tayari kutoka kwa walimu wao. Ili kuipata mada yenye mipaka, niliwauliza walimu wa biolojia mambo mawili: wanafunzi wamekwisha kusoma nini kinachokaribiana na kazi ya mgeni, na ni kitu gani ambacho mwalimu hawezi kuwaonyesha lakini mgeni anaweza. Wakanijibu kwamba wanafunzi wamekwisha kusoma sehemu za damu na makundi yake, ila hakuna aliyewahi kujua kinachoipata damu baada ya kutolewa mkononi mwa mgonjwa. Kutokana na jibu hilo mada ikawa "Safari ya sampuli ya damu, kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye majibu anayoyasoma daktari". Mgeni alipoisoma alijua mara moja kwamba atazungumzia jinsi chupa za sampuli zinavyoandikwa majina, kwa nini baadhi yake huwa na dawa ya kuzuia damu isigande, mashine ya kuzungusha sampuli hufanya nini, na makosa hutokea wapi.

Chini ya mada niliongeza sentensi mbili ambazo ninawasihi msiziache. Ya kwanza iliweka mpaka: hakuna damu itakayotolewa wala sampuli halisi itakayoletwa shuleni; picha, chupa tupu na vifaa safi vinaruhusiwa. Ya pili ilimpa mgeni nafasi: kichwa cha mada ni pendekezo letu, naye anaweza kukirekebisha mpaka tarehe fulani, kwa kuwa baada ya hapo ratiba itapelekwa kuchapwa. Mtaalamu anaifahamu kazi yake kuliko kamati, na ukimfunga kabisa atazungumza kama mtu anayesoma insha ya mwingine.

Kuhusu hadhira, idadi peke yake haitoshi, ingawa ndiyo ya kwanza kuulizwa. Mbele ya watu 35 darasani mgeni anaweza kupitisha kifaa mkono kwa mkono na kujibu kila swali. Mbele ya watu 140 ukumbini kifaa hicho hakitafika safu ya nyuma kabla muda haujaisha, hivyo anahitaji picha kubwa na kipaza sauti. Andika umri au kidato, wanachokijua tayari, lugha watakayozungumziwa, na watu wengine watakaokuwapo. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mgeni aliyejiandaa kuzungumza na vijana wa miaka 16 akakuta safu mbili za mbele zimejaa wazazi na viongozi hubadilisha lugha yake bila kutaka, akaanza kuwahutubia wakubwa, na wanafunzi wakampotea. Kama katika hadhira kuna wasiosikia na kutakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, mwandikie mgeni mapema, kwa kuwa mkalimani huhitaji kuona maneno ya kitaalamu kabla ya siku yenyewe.

Tarehe huonekana kuwa jambo jepesi kuliko yote, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayoleta aibu nyingi zaidi. Andika siku ya juma, tarehe, mwezi na mwaka kwa pamoja, kisha ufungue kalenda uhakikishe kwamba siku na tarehe vinakubaliana, maana barua iliyonakiliwa kutoka ya mwaka jana hubeba siku ya mwaka jana. Barua ikisema Jumatano ilhali tarehe inaangukia Alhamisi, mgeni mwangalifu atakuuliza, lakini mwenye shughuli nyingi atachagua moja wapo na wewe hutajua amechagua ipi.

Saa ina mtego wake kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili huku simu zetu zikituonyesha tarakimu za hesabu nyingine. Nimeona barua iliyosema "saa 10:00" bila neno lingine lolote. Aliyeiandika alitazama simu na kumaanisha saa nne asubuhi; aliyeipokea aliisoma kwa Kiswahili na kuelewa saa kumi jioni. Tarakimu ya 8 ni hatari vilevile, kwa kuwa mmoja huielewa saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana, na nyakati zote mbili zinafaa kabisa kwa shughuli ya shule, hivyo hakuna anayeshtuka. Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno pamoja na sehemu ya siku: saa nne kamili asubuhi, saa nane na nusu mchana. Ukitaka kuweka tarakimu, ziwekwe baada ya maneno, nazo ziwe za hesabu hiyohiyo ya Kiswahili. Mgeni akitumia kalenda ya simu, yeye mwenyewe atageuza, na hawezi kukosea kwa kuwa neno "asubuhi" liko mbele yake.

Aidha, saa zinazohitajika ni tatu: saa ambayo shughuli nzima inaanza, saa ambayo mgeni anatakiwa kuwa amefika, na saa ya kipindi chake. Barua inayotaja saa ya kuanza shughuli tu humfanya mgeni akae saa tatu akisubiri nyimbo, maigizo na hotuba za wengine, au humfanya achelewe kwa kudhani kwamba mambo hayawezi kuanza kwa wakati. Taja pia kipindi chake kina dakika ngapi, na kati ya hizo ngapi ni za maswali. Sisi tuliandika dakika 40 za mazungumzo na dakika 20 za maswali, na mshereheshaji akapewa maelekezo hayohayo.

Hapa ndipo tarehe na gharama zinapokutana, na ndipo barua yetu ilipobadilishwa mara ya pili. Kamati ilikuwa imempangia mgeni saa tatu asubuhi, ili aifungue siku. Basi la kwanza kutoka kwake liliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa nne, kama halikukwama njiani. Kwa hiyo, ili awepo saa tatu, ilimlazimu asafiri jana yake, alale hoteli, ale chakula cha jioni na cha asubuhi, na mwajiri wake amruhusu siku mbili. Tulipokisogeza kipindi chake hadi saa sita kamili mchana, alikuwa na saa mbili za akiba baada ya basi kufika, akazungumza mpaka saa saba, akala nasi chakula cha mchana, akaondoka saa nane na kufika kwake saa kumi na mbili jioni. Malazi yalifutika kabisa katika bajeti bila mgeni kupungukiwa na kitu, na ruhusa ya siku moja ilipatikana kwa urahisi kuliko ya siku mbili. Kabla hujakubali ratiba ya kikao, kwa hiyo, tafuta kwanza mgeni atasafiri kwa chombo gani na kinafika saa ngapi.

Sasa nije kwenye gharama zenyewe, ambazo wengi wetu tunaona haya kuziandika. Haya hiyo ndiyo iliyozaa maneno kama "utawezeshwa", "tutakuangalia" na "suala la nauli usijali". Mgeni anayeambiwa atawezeshwa hajui kama ni nauli au ni malipo ya kazi, hajui kama atapewa akifika au atasubiri, na kwa adabu hawezi kuuliza. Andika badala yake vitu vinne: kinacholipwa, kiwango au mpaka wake, namna kitakavyolipwa, na kisicholipwa.

Kinacholipwa kitajwe kwa jina lake. Nauli ni nauli, na useme kama ni ya kwenda na kurudi, kwa chombo gani, na ya watu wangapi. Akija na gari lake, amueni mapema kama mtalipa mafuta kwa risiti au kiwango maalumu kwa kila kilomita. Njia hizi mbili hutoa jumla tofauti, na kuzichanganya huleta ubishi. Neno "posho" likae mbali na barua kama halina kivumishi, kwa sababu lina maana mbili zinazogongana. Posho ya kujikimu ni fedha ya chakula na malazi, na ukimpa mgeni fedha hiyo huwezi tena kumlipia hoteli kwa risiti, kwani utakuwa umelipa jambo moja mara mbili na mkaguzi wa hesabu atakuuliza. Honoraria ni malipo ya shukrani kwa kazi ya kuandaa na kutoa mada, na haihusiani na alichokula. Nimewahi kusikiliza mgeni na mhasibu wakizungumzia "posho" kwa dakika kumi, mmoja akimaanisha hii na mwingine ile, wote wawili wakiwa na ushahidi wa barua moja. Kama mnatoa honoraria, muulize mhasibu wenu mapema iwapo kuna kodi inayokatwa, kisha barua itaje kiasi atakachokipata mkononi, la sivyo atahesabu pungufu mbele yako na kudhani kwamba kuna mtu amechukua.

Namna ya kulipa nayo ina uzito, kwa kuwa si kila mtaalamu ana fedha ya kutanguliza. Mpango wa kurejeshewa baada ya kuwasilisha risiti ni salama kwa mhasibu, lakini humaanisha kwamba mgeni ndiye anayewakopesha. Pale ambapo tunaweza, tunamkatia tiketi sisi wenyewe na kumtumia, au tunampa nauli yote siku hiyohiyo kabla hajaondoka, akitia saini kwenye hati ya malipo. Kama utaratibu wenu ni wa kurejesha tu, utajeni pamoja na idadi ya siku, na siku hizo ziwe alizokubali mhasibu, si ulizozitamani wewe. Namba ya akaunti au ya simu ya kupokelea fedha usiiombe katika barua ya mwaliko. Iombe baada ya mgeni kukubali.

Kisicholipwa ndicho kilichokosekana katika barua yangu ya kwanza. Sentensi moja inatosha, na ikiandikwa kwa heshima haimkwazi mtu. Ikiwa hamna fedha kabisa, semeni hivyo pia. Nimepata wageni waliokuja kwa nauli yao baada ya kuambiwa ukweli, na nimepoteza wengine waliokataa mara moja. Hao waliokataa walinipa wiki tano za kutafuta mtu mwingine, jambo ambalo lugha ya "usijali" haimpi mratibu yeyote.

Aya kuu za barua iliyotumwa hatimaye zilisomeka hivi:

"Tunakualika utoe mada katika siku ya sayansi ya shule yetu, Alhamisi, tarehe 13 Agosti 2026. Mada tunayopendekeza ni 'Safari ya sampuli ya damu, kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye majibu anayoyasoma daktari'. Unaweza kurekebisha kichwa hiki hadi tarehe 24 Julai 2026, kabla ratiba haijachapwa. Hakuna damu itakayotolewa wala sampuli halisi itakayoletwa shuleni.

Wasikilizaji watakuwa wanafunzi 140 wa kidato cha tatu, wenye umri wa miaka 16 hivi, pamoja na walimu 6. Wamekwisha kusoma sehemu za damu na makundi yake. Kipindi chako kitaanza saa sita kamili mchana na kuisha saa saba kamili, dakika 40 za mazungumzo na dakika 20 za maswali. Tunaomba uwe umefika saa tano na nusu asubuhi. Ukumbi una projekta na kipaza sauti kimoja.

Shule italipa nauli yako ya basi kwenda na kurudi, ambayo utakabidhiwa siku hiyohiyo kabla ya kuondoka, pamoja na chakula cha mchana na honoraria ya kiasi kilichotajwa katika kiambatisho. Kwa kuwa safari inawezekana kwa siku moja, hatukuandaa malazi, na bajeti yetu haihusishi msaidizi wala dereva. Iwapo sisi tutaahirisha shughuli baada ya wewe kukata tiketi, shule itakurudishia gharama ya tiketi hiyo.

Tunaomba jibu lako kabla ya tarehe 10 Julai 2026."

Sentensi ya kuahirisha iliongezwa na mhasibu mwenyewe, na ninaona aibu kidogo kwamba haikutoka kwangu. Shughuli za shule huahirishwa kwa mvua, kwa msiba, au kwa mitihani iliyosogezwa, na mgeni asiachiwe hasara ya uamuzi ambao hakuufanya. Kiasi cha honoraria tulikiweka katika kiambatisho kwa sababu barua yenyewe hupita mezani kwa watu wengi katika ofisi ya mgeni.

Barua ilitoka wiki sita kabla ya siku yenyewe. Chini ya wiki nne ni vigumu kwa mtu mwenye zamu hospitalini, kwani orodha ya zamu huwa imekwisha kupangwa. Hata hivyo haikuwa habari ya kwanza kumfikia. Nilikuwa nimempigia simu wiki moja kabla, nikamweleza mambo hayahaya kwa ufupi na kumuuliza kati ya siku mbili ipi inamfaa, pamoja na kama barua ipitie kwa mkuu wake wa idara. Wengine hupenda ipitie huko moja kwa moja. Wengine hupenda waipeleke wenyewe, na ukiwaruka unaweza kuwatia matatani. Siku mbili za kuchagua ziishie katika simu hiyo. Barua ikishaandikwa itaje moja tu, la sivyo ofisi mbili zitaweka alama siku mbili tofauti.

Mpangilio wa saini nao uangaliwe. Kwa kuwa aya ya gharama ni ahadi ya fedha za shule, mhasibu aisome na kuiwekea alama yake kwenye nakala kabla mkuu hajatia saini, na nakala hiyo ibaki ofisini kwake. Siku ya shughuli, wewe utakuwa unahangaika na viti na umeme, na mtu atakayesimama na bahasha ya nauli saa nane mchana awe anajua kiasi chake bila kukutafuta.

Mgeni akishakubali, mpigie tena wiki moja kabla na jioni ya kuamkia siku hiyo. Simu ya mwisho iwe fupi: basi linaondoka saa ngapi, nani atampokea kituoni na amevaa nini, na kama ana picha za kuonyesha, zimehifadhiwa wapi. Si wakati wa kumwomba kwamba, kwa kuwa yupo, akabidhi pia zawadi za washindi au azungumze kidogo na kidato cha nne. Maombi hayo yalikuwa na nafasi yake katika barua, na kama kamati imeyakumbuka jioni hiyo, mtafutieni kazi hiyo mwalimu mmoja wa shuleni.